BRC ilikuwepo, ila ililala chini: kisa cha jamvi la ghala lililopasuka

Ghala lenyewe ni dogo: mita 12 kwa 9, kuta za tofali pande zote, mlango mkubwa ubavuni. Jamvi lilimwagwa kwa unene wa milimita 125 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, chini ikatandikwa nailoni, juu ya nailoni wavu wa chuma wa BRC, aina ya A142, kisha zege. Mwenye ghala alinunua kila kitu alichoandikiwa. Alikuwa na stakabadhi za karatasi zote za BRC, na alikuwa na picha za siku ya kumwaga zinazoonyesha wavu umetanda sakafu nzima, ukuta kwa ukuta.

Miezi michache baadaye nyufa mbili zilikuwa zimekata jamvi kutoka ukuta hadi ukuta, moja mita 4 kutoka ukuta wa nyuma, nyingine mita 7.5. Mwanzoni zilikuwa nyembamba kama unywele. Kufikia nilipoitwa, kila moja ilikuwa na upana wa karibu milimita 3 kwa juu, na upande mmoja wa ufa ulikuwa umepanda milimita 2 kuliko mwenzake. Toroli zenye magunia zilikuwa zikigonga hapo kila zinapopita, na kingo za zege zilianza kumeguka. Swali la mwenye ghala lilikuwa la haki kabisa: "Injinia, kama chuma kimo, mbona sakafu imeachana?"

Jibu la haraka ambalo wengi walishampa ni kwamba zege lilikuwa bovu. Sikutaka kulikubali kabla ya kuona ndani. Tukakodi mashine ya kutoboa sampuli za duara za milimita 100, tukatoboa sehemu nne.

Sampuli zilisema nini

Sampuli mbili zilichukuliwa katikati ya sakafu, moja ikiwa juu ya ufa wenyewe. Zote mbili zilitoka na waya wa BRC kwenye uso wa chini kabisa. Ulikuwa nusu ndani ya zege na nusu nje, na ulikuwa na alama ya mikunjo ya nailoni pembeni yake. Kwenye ile ya ufa, waya ulikuwa umeota kutu, na niliuvuta kwa kidole ukaachia zege bila kupinga. Mfereji mdogo ulioachwa na waya ule ulikuwa laini upande mmoja tu, ishara kwamba zege halikuwahi kuuzunguka. Ufa wenyewe ulikuwa mpana juu na ukapungua kuelekea chini hadi kuwa mstari tu.

Sampuli ya tatu, mita moja hivi kutoka ukutani, ilikuwa na waya milimita 15 kutoka chini. Ya nne ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ilitolewa karibu kabisa na ukuta, mahali ambapo karatasi ya BRC ilikuwa imeegemea ukingo wa msingi wakati wa kutandazwa. Hapo waya ulikuwa milimita 60 kutoka chini, umezungukwa na zege kote, hauna kutu. Na pale ukutani ufa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukucha haukuingia, halafu ukawa unapanuka kadiri unavyoelekea katikati ya chumba. Ufa ulikuwa mmoja na zege lilimwagwa siku moja kwa mchanganyiko mmoja. Kilichotofautiana ni urefu wa chuma kutoka chini.

Zege halikuwa bovu. Kokoto zilisambaa vizuri, hapakuwa na mapango, na unene ulikaribia ule wa mchoro katika sampuli zote.

Kazi ambayo BRC hii ilipaswa kufanya

Hapa ndipo mabishano mengi ya saiti huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wavu mwembamba kwenye jamvi linalokaa juu ya ardhi haukuwekwa ili jamvi libebe mzigo zaidi. Mzigo unabebwa na unene wa zege na ardhi iliyoshindiliwa chini yake. A142 ina waya za milimita 6 kila baada ya milimita 200, pande zote mbili, yaani milimita za mraba 142 za chuma kwa kila mita ya upana. Ukilinganisha na zege lenye unene wa milimita 125, hiyo ni kama asilimia 0.11. Kiasi hicho hakitoshi hata kuzuia zege lisipasuke. Jamvi linalotegemea chuma pekee kusambaza nyufa, bila mikato ya msumeno ya kuelekeza ufa, linahitaji asilimia 0.5 au zaidi, ambayo hapa ingekuwa zaidi ya mara nne ya chuma kilichowekwa.

Kazi yake ni moja: zege likishapasuka, chuma kiushike ufa usifunguke. Ufa ukiwa chini ya milimita moja hivi, kokoto za upande huu bado zinang'ata kokoto za upande ule, na gurudumu likipita mzigo unahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukipanuka zaidi, meno hayo yanaachana, kila upande unabaki peke yake, na hapo ndipo sakafu inaanza kupishana levo na kingo kumeguka. Ndicho kilichotokea kwenye ghala hili.

Sasa, kwa nini zege lilitaka kuachana? Zege linapokauka husinyaa. Makadirio ya kawaida ni karibu nusu milimita kwa kila mita. Kwa urefu wa mita 12 hiyo ni milimita 6. Jamvi lingekuwa linaelea hewani lingefupika milimita 6 bila shida, lakini limelala chini, msuguano unalishika, na kuta zinalibana. Basi linavutwa mpaka linakatika. Hapakuwa na mkato hata mmoja uliokatwa, kwa hiyo lilijichagulia lenyewe pa kukatikia: nyufa mbili, milimita 3 kila moja. Hesabu ile ya milimita 6 ilikuwa inaonekana pale sakafuni kwa macho, maana yake chuma hakikushika chochote.

Je, kingeweza kushika? Fanya hesabu ya ukanda wa upana wa mita moja, kutoka katikati ya jamvi hadi mwisho wake, mita 6. Uzito wake ni 6 × 0.125 × 2.4, yaani tani 1.8. Wahandisi huchukua msuguano wa mara 1.5 ya uzito kwa usalama, kwa hiyo nguvu kubwa kabisa inayovuta katikati ni kama tani 2.7. Waya za A142 katika mita hiyo moja, zikiwa za chuma cha nguvu ya newtoni 500 kwa milimita ya mraba, huanza kunyooka bila kurudi kwenye takriban tani 7. Hata ukichukua theluthi mbili tu, una tani 4.7. Chuma kilichonunuliwa kilitosha kwa kazi ile na kikabaki. Mwenye ghala hakuibiwa chuma wala hakuandikiwa kidogo. Alilipia chuma cha kutosha ambacho hakikufanya kazi.

Kwa nini kikilala chini hakifanyi kazi

Kwanza ni kushikana. Waya hupokea nguvu kutoka kwa zege lililouzunguka pande zote. Waya uliolala juu ya nailoni umeguswa na zege kwa juu tu, tena mara nyingi ni maji ya simenti yaliyopenya pembeni. Ukivutwa unateleza. BRC ina bahati kidogo kwamba waya za kukatiza zilizochomelewa zinasaidia kushika kama nanga, lakini nazo zikiwa nusu nje, nanga hazina kitu cha kushikilia. Na mahali pasipo nailoni, ambapo wavu umelala moja kwa moja juu ya kifusi, unyevu wa ardhini unaanza kuula siku ile ile.

Pili, na hili ndilo watu wengi hawalijui, ni mahali ufa unapoanzia. Jamvi hukauka kutoka juu, kwa kuwa chini kuna nailoni au ardhi yenye unyevu. Uso wa juu unasinyaa zaidi kuliko wa chini. Ndiyo maana kingo za jamvi huinuka kidogo, na ndiyo maana ufa ni mpana juu na mwembamba chini, kama tulivyouona kwenye sampuli. Chuma kikiwa chini, hata kama kimezungukwa na zege vizuri, kinashika sehemu ya ufa ambayo haikuwa na haja kubwa ya kushikwa, huku juu ufa ukifunguka kama kitabu kilichoshikwa mgongoni. Chuma kinatakiwa kiwe karibu na pale panapofunguka.

Fundi aliyemwaga jamvi hili ni mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi kwenye slabu za ghorofa, na hoja yake ilikuwa na mantiki. "Injinia, slabu chuma kinakaa chini, huko ndiko inakovutika." Kwa slabu iliyoshikwa na mihimili, ni kweli kabisa, katikati ya chumba inavutika chini. Lakini jamvi limeegemea ardhi sehemu zote. Gurudumu likisimama katikati, ndiyo, chini kunavutika kidogo, ila mvuto huo unabebwa na zege lenyewe. A142 kwenye unene huu, hata ukiiweka chini kwa ustadi wote, haiwezi kuongeza nguvu kuliko ile ambayo zege zima lilikuwa nayo kabla ya kupasuka. Kama mzigo ni mkubwa, ongeza unene. Kulaza wavu chini ukidhani unasaidia mzigo ni kupoteza kazi mbili kwa pamoja.

"Tutaivuta wakati wa kumwaga"

Tulipouliza, vibarua walisema wazi kwamba BRC haikuachwa chini kwa makusudi. Mpango ulikuwa kuitandaza juu ya nailoni, kumwaga zege, halafu kuivuta juu kwa ndoano ya nondo kila baada ya hatua mbili tatu. Nimeusikia mpango huu kwenye saiti nyingi, na siuamini hata kidogo, hata wanaoutekeleza wakiwa na nia njema.

Fuatilia kinachotokea. Kibarua ananasa wavu kwa ndoano na kuvuta. Wavu unapanda pale uliponaswa, lakini hatua moja pembeni bado uko chini, umekandamizwa na zege. Kokoto kadhaa zinaingia chini yake pale ulipopanda. Kisha mtu wa koleo anakanyaga hapo hapo kusawazisha, na uzito wake wote unaushusha wavu. Anafuata mwenye rula, anafuata mwenye vaibreta. Zege likishafunika, hakuna anayeona tena, na hakuna njia ya kujua. Sampuli ya tatu ile, milimita 15 kutoka chini, bila shaka ni sehemu ambayo mtu alivuta kweli. Kazi yake yote ilizaa milimita 15.

Njia ya kumwaga kwa tabaka mbili ina heshima zaidi: unamwaga zege hadi karibu milimita 75, unasawazisha, unalaza BRC juu yake, unamalizia tabaka la juu papo hapo. Inafanya kazi kama tabaka la juu linafika kabla la chini halijaanza kushika. Zege likichelewa, kwa mfano mashine ya kuchanganyia imeharibika, utabaki na matabaka mawili yasiyoungana, na wavu uko hasa kwenye mpaka wao. Kwa eneo dogo na watu wa kutosha naikubali. Kwa ghala zima nachagua biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya wavu kuuinua.

Tulivyorudia sehemu ya katikati

Wavu uliokwisha kumezwa chini hauinuliwi. Kwa nyufa hizi palikuwa na njia mbili. Ufa ambao haupitiwi na toroli unaweza kuachwa hadi kusinyaa kupungue, kisha ukatanuliwa kwa msumeno na kujazwa epoksi laini ya viungio, na ile tofauti ya levo ikasagwa kwa grainda. Lakini kipande kilichokuwa kati ya nyufa mbili, mita 3.5 kwa 9, ndicho njia ya mlangoni. Ukikigonga kwa nyundo kando ya ufa kilitoa sauti ya utupu, na toroli nzito ikipita ulikiona kikicheza. Hicho tuliamua kukivunja.

Kwanza tulikata pande zote mbili kwa msumeno hadi chini, ili kingo zinyooke, kisha tukavunja na kuondoa. Kifusi kilishindiliwa upya, hasa kando ya kingo ambapo kilikuwa kimelegea kwa kuchezewa na kipande kile. Kwenye kingo za jamvi la zamani tulitoboa katikati ya unene na kuingiza vyuma laini vya milimita 16, urefu wa milimita 400, kila baada ya milimita 300, nusu moja ikiwa imegandishwa ndani ya zege la zamani na nusu nyingine imepakwa grisi. Vyuma hivyo vinahamisha mzigo wa gurudumu kutoka jamvi la zamani kwenda jipya na bado vinaliacha zege jipya lisinyae. Nailoni ikatandikwa upya.

Urefu wa biskuti haukadiriwi kwa jicho. Chukua unene wa jamvi, toa zege unalotaka lifunike chuma kwa juu, toa unene wa waya mbili zinazokatizana. Hapa ni 125 toa 40 toa 12, unabaki na 73. Tukafinyanga biskuti za zege za milimita 70, upana wa kutosha zisizame kwenye kifusi wala kutoboa nailoni, na waya wa kufungia umechomekwa juu ya kila moja. Zege la kufunika lilitoka kuwa milimita 43. Hiyo 40 haikuchaguliwa hovyo. Mikato ya msumeno huenda chini robo ya unene, kama milimita 31 hapa, na chuma lazima kiwe chini ya meno ya msumeno. Kikiwa juu zaidi unakikata, na kikiwa karibu mno na uso, ufa mdogo unaonekana juu ya kila waya ukifuata mistari ya wavu.

Waya wa milimita 6 unalegea haraka ukikanyagwa, kwa hiyo biskuti zilikaa kila baada ya milimita 600 kwenda na kurudi, takriban biskuti 90 kwa eneo lile. Fundi aliziona nyingi. Nilimwomba asimame katikati ya biskuti zilizoachana mita moja moja, akaona mwenyewe wavu ulivyobonyea hadi kugusa nailoni.

Karatasi zilipandana milimita 250, yaani jicho moja zima na sentimita 5 za ziada. Mahali pa kupandana ndipo hesabu nzuri inapoharibika bila mtu kujua. Pembe nne za karatasi nne zikikutana sehemu moja, waya zinaweza kurundikana hadi milimita 48. Juu ya biskuti ya 70 hiyo ni 118, zimebaki milimita 7 tu kufika juu. Tulizipanga karatasi kwa kupishanisha kama tofali za ukuta ili pembe nne zisikutane, na kila karatasi ya pili tukaigeuza ili waya za kukatiza zikae usawa mmoja badala ya kupandana. BRC ya roli tuliikataa mapema, kwa sababu inakumbuka mviringo wake na ncha zake huinuka hata ukizifunga.

Mikato iligawa kipande hicho kuwa vyumba vitatu vya mita 3 kwa 3.5. Umbali kati ya mikato tuliuweka chini ya mara 30 ya unene, ambayo hapa ni mita 3.75. Kwenye mistari ya mikato tulikata waya moja, tukaacha moja, ili mahali hapo pawe dhaifu kuliko kwingine na ufa uje hapo, huku waya zilizobaki zikiushika.

Siku ya kumwaga hakuna aliyekanyaga wavu. Mbao ziliwekwa juu ya vipande vya tofali vilivyopita ndani ya macho ya BRC hadi chini, toroli zikapita juu yake, na mbao zikaondolewa kadiri zege lilivyorudi nyuma kuelekea mlangoni. Baada ya rula kupita na zege likiwa bado bichi, nilipita na kipande cha waya chembamba chenye alama ya milimita 40 na 50, nikichomeka hapa na pale mpaka kiguse chuma. Vipimo vilicheza kati ya 38 na 50. Sehemu moja karibu na mlango ilisoma 70, biskuti ilikuwa imepinduka. Palifukuliwa, ikawekwa nyingine, zege likarudishwa. Kazi hiyo ilichukua dakika chache, na baada ya saa mbili isingewezekana tena.

Mikato ilikatwa jioni ile ile, mara tu msumeno ulipoweza kupita bila kung'oa kokoto. Sakafu ikafunikwa na kumwagiliwa maji siku 7.

Ufa ulitokea, kama ulivyotarajiwa, ndani ya mikato yote miwili. Ukiinama unauona chini ya mfereji wa msumeno, mstari mwembamba usiopishana levo, na toroli zinapita juu yake bila mlio.

Fundi aliniuliza kama angeweza kuacha kabisa BRC kwenye majamvi madogo. Nilimjibu ndiyo. Kwa chumba ambacho mikato inakaa karibu, ardhi imeshindiliwa vizuri na hakuna magurudumu mazito, zege tupu lenye unene sahihi na mikato iliyokatwa kwa wakati linafanya vizuri kuliko jamvi lisilo na mikato lenye BRC chini yake. Pesa ya wavu iende kwenye sentimita moja au mbili za unene na kwenye maji ya kumwagilia. Ila akiamua kununua BRC, biskuti ziwe tayari zimekauka siku karatasi zinapofika saiti, maana zisipokuwepo asubuhi ya kumwaga, ndoano ya nondo ndiyo itakayochukua nafasi yake.